Tona na wino feki: kusoma picha za sili, chipu na lebo kabla hujalipa

Rafiki yangu anayesimamia manunuzi ya ofisi alinitumia picha moja ya maboksi manne ya tona nyeusi ya printa ya leza, yamepangwa vizuri mezani, na chini yake ujumbe mfupi: "Kaka, hebu niangalizie hizi, ni orijino?" Nilimjibu kwamba picha ile haisemi lolote. Ilipigwa kutoka mbali kama mita moja, taa ikiwa juu, na sili zote zilikuwa zimegeuka doa jeupe linalong'aa. Boksi moja lilionekana na rangi iliyopauka kidogo kuliko mengine, na yeye alikuwa ameshalishuku hilo. Kumbe lilikuwa karibu na dirisha, kamera ikalisoma kwa mwanga tofauti. Likisogezwa katikati ya meza, lile la jirani ndilo lingepauka.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachokieleza hapa: picha gani umwombe muuzaji, uangalie nini ndani yake, na kila dalili uiamini kwa kiasi gani. Maboksi yale manne nitayarudia, maana yalinifundisha kwamba sili halisi inaweza kukaa juu ya boksi halisi na ndani yake kukawa na kitu kingine kabisa.

Kwanza jua unatafuta nini

Watu huita "feki" vitu vitatu visivyofanana. Kipo cha kwanza ambacho ni bandia tangu mwanzo hadi mwisho: boksi limenakiliwa, lebo imenakiliwa, na katriji imetoka popote. Hiki hunaswa zaidi kwenye uchapaji. Kipo cha pili, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho kinachopita machoni mwa wengi: katriji ya orijino iliyokwisha kutumika, ikajazwa unga au wino mwingine, ikarudishwa kwenye boksi la orijino lililookotwa. Hapa uchapaji wa boksi utakuwa safi, kwa sababu boksi ni lenyewe. Unachotakiwa kukamata ni dalili za kufunguliwa na dalili za kutumika. Cha tatu ni katriji mbadala yenye chapa yake yenyewe. Hiyo si bandia, ni bidhaa nyingine. Inakuwa bandia pale tu inapovaa jina la mwingine.

Ukiwa na mgawanyo huo kichwani, picha zinagawanyika zenyewe. Maandishi ya boksi yanakuonyesha aina ya kwanza. Sili na gundi zinakuonyesha aina ya pili kwa nje, na chipu inaionyesha kwa ndani.

Picha yenyewe ipigweje

Makosa mengi ya hukumu yanaanzia kwenye kamera. Chukua simu ya kawaida inayopiga picha yenye upana wa pikseli 4000. Ukiiweka ili picha ioneshe sentimita 40 za meza, kila milimita inapata pikseli 10. Uchapaji mzuri wa boksi una nukta za rangi kama 7 kwa kila milimita, kwa hiyo kila nukta inaangukia pikseli moja na nusu hivi. Hapo hakuna nukta utakayoiona. Utaona ukungu, au mawimbi ya ajabu ambayo hayapo kwenye boksi. Ukisogea hadi picha ioneshe sentimita 8 tu, unapata pikseli 50 kwa milimita, yaani 7 kwa kila nukta. Hapo nukta inaonekana na umbo lake.

Sasa picha hiyo nzuri ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa na kubanwa, na ule ukali wote unapotea njiani. Mwombe muuzaji aitume kama `Document`, isibanwe. Ni jambo dogo, lakini nimeshaona boksi halisi likihukumiwa kuwa bandia kwa sababu tu herufi zake "zina ukungu", na ukungu wenyewe ulitokana na kubanwa kwa picha.

Usiisogeze simu hadi igusane na kitu. Simu nyingi haziwezi kulenga chini ya sentimita 8 au 10 kwa lenzi yao kuu, na zikilazimishwa hurukia lenzi pana ambayo hupinda kingo. Kaa sentimita 12 hivi, kuza mara mbili, gusa kioo pale unapotaka ilenge, halafu subiri nusu sekunde kabla ya kubonyeza. Flashi izimwe. Mwanga utoke upande mmoja tu, dirisha au taa ya mezani, na uje kwa ubapa, karibu sambamba na uso unaopigwa. Mwanga wa juu hufuta mikwaruzo na mikunjo; mwanga wa pembeni huiinua.

Picha ninazoomba ni hizi, kwa kila boksi na si kwa boksi moja la mfano: sili kwa karibu pamoja na video yake ya sekunde 10, vifuniko vyote viwili, cha juu na cha chini, upande wenye siriali na tarehe, kipande cha maandishi madogo karibu na nembo, lebo ya katriji yenyewe, na chipu mara mbili, mwanga ukitokea kushoto kisha kulia. Muuzaji anaweza kukataa kufungua boksi, na ana haki, kwa sababu boksi lililofunguliwa ni vigumu kuliuza tena. Mwambie afungue moja tu, na ulichague wewe kwa siriali yake kutoka kwenye picha alizokwisha kutuma. Akikuchagulia yeye, utaoneshwa lililo zuri.

Sili: usiiangalie ikiwa imetulia

Sili ya hologramu ikipigwa picha moja haina ushahidi wowote. Karatasi yoyote inayometameta kama upinde wa mvua itaonekana hivyo hivyo. Kinachoitofautisha ni mwendo. Mfano ulio wazi ni ile sili ya HP yenye neno OK na alama ya vema: ukiinamisha boksi mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, viwili hivyo husogea, kwa mwinamo mmoja vikielekea upande mmoja na kwa mwingine vikienda pande zinazopingana. Karatasi ya kumetameta ya dukani haifanyi hivyo. Rangi zake hubadilika, lakini michoro yake hukaa palepale ilipochapwa.

Kwa hiyo omba video, na eleza jinsi ya kuipiga: simu imesimama bila kutikisika, boksi ndilo linaloinamishwa, polepole, kwanza mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Ukipewa video ambayo simu ndiyo inayozungushwa kwa kasi huku boksi limelala, mwanga na pembe vinabadilika pamoja na huwezi kujua kipi kilichosababisha nini. Kama video haiwezekani, picha tano zinatosha: boksi likiwa limenyooka, limeinama mbele, limeinama nyuma, limeinama kushoto, limeinama kulia. Zilinganishe kwa kupima umbali kati ya michoro miwili ndani ya sili. Kama umbali ule haubadiliki kabisa katika picha zote tano, unaangalia mchoro uliochapwa na si hologramu ya mwendo.

Baadhi ya sili zina msimbo wa QR wa kuhakiki. Unaweza kuusoma kutoka kwenye picha ya muuzaji, lakini kabla ya kuamini ukurasa unaofunguka, soma anwani yake juu ya kivinjari. Bandia aliyejipanga huweka QR inayopeleka kwenye tovuti yake mwenyewe, yenye alama kubwa ya kijani. Na hata QR halisi inaweza kunakiliwa ikabandikwa juu ya maboksi mia. Ukisoma misimbo ya maboksi manne na yote ikatoa namba ileile, kazi imekwisha.

Tahadhari mbili hapa. Si kila boksi la orijino lina sili ya hologramu; katriji nyingi ndogo za wino huuzwa bila hiyo, na watengenezaji hubadilisha muundo wa sili mara kwa mara. Sili ya zamani juu ya bidhaa ya zamani ni sawa. Linganisha na boksi la namba ileile ya modeli na la kipindi kilekile, la sivyo unalinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Ukimaliza mwendo, angalia kingo. Sili nyingi zimetengenezwa ili zikivutwa zichanike au ziache maandishi na mabaki juu ya boksi. Anayeihamisha huipasha joto kwa kikaushio cha nywele ili gundi ilegee. Kwenye mwanga wa pembeni utaona pembe moja iliyojikunja kidogo, vimapovu vya hewa chini yake, au kivuli chembamba kuizunguka pale ambapo nyuzi za karatasi zimeinuka. Sili iliyobandikwa na mashine imelala bapa hadi mwisho wa kila pembe.

Halafu geuza boksi. Hapa ndipo wengi hawaangalii. Sili inalinda kifuniko kimoja, na mtu mwenye akili hafungui kifuniko chenye sili. Anafungua cha chini, ambacho kimefungwa kwa gundi peke yake. Gundi ya kiwandani hutupwa na mashine kwa mistari au nukta zenye nafasi sawa, na ikibanduliwa huondoka na ngozi ya karatasi. Kifuniko kilichobandikwa tena huonesha makovu hayo ya karatasi iliyochunika, na juu yake gundi nyingine, mara nyingi inayong'aa na iliyominyika nje ya ukingo. Omba picha ya ukingo huo, mwanga ukitoka upande wa ufa. Gundi iliyominyika inang'aa kama mstari wa maji.

Uchapaji: kitu kikubwa kwenye herufi ndogo

Kiwanda kinapochapa boksi, herufi zake hutoka kwenye faili la asili. Kila herufi, hata ile yenye urefu chini ya milimita 2, ni wino mmoja uliojaa wenye kingo kali. Nembo nayo mara nyingi huchapwa kwa wino maalumu uliochanganywa rangi yake kabla ya kuingia kwenye mashine, kwa hiyo ukiikuza unaona rangi moja tupu bila nukta. Picha ya bidhaa kwenye boksi ni jambo jingine: hiyo lazima iwe na nukta, kwa sababu picha zote za rangi huchapwa kwa nukta za samawati, waridi, manjano na nyeusi.

Anayenakili boksi kwa kulipiga skana hana faili la asili. Kwake boksi zima ni picha, kwa hiyo kila kitu kinageuka nukta: nembo, mstari wa rangi pembeni, hadi maandishi madogo ya onyo. Ndiyo maana siangalii nembo kubwa kwanza. Naangalia mstari mdogo kuliko yote wa maandishi meusi. Kwenye halisi, herufi "e" ina tundu lake safi. Kwenye nakala ya skana tundu hilo limejaa, na ukingo wa herufi una vumbi la rangi, samawati upande mmoja na waridi upande wa pili, kwa sababu rangi nne hazikupangana sawasawa.

Kama lebo imetoka kwenye printa ya leza ya kawaida, utaona kitu kingine: vumbi jeusi la tona limetawanyika kuzunguka herufi kwenye eneo ambalo lingekuwa jeupe. Kuna kejeli kidogo kwenye lebo ya tona feki kusalitiwa na tona.

Usihukumu kwa rangi tu. Samawati iliyokolea zaidi, nyekundu iliyopauka, hivi vinaletwa na kamera na taa kabla ya kuletwa na bandia. Kama lazima ulinganishe rangi, weka maboksi mawili kwenye picha moja, chini ya mwanga mmoja, yakigusana. Rangi iliyo kwenye picha mbili tofauti haina kesi.

Siriali na tarehe ndizo zinazostahili muda wako. Kwenye maboksi ya kiwandani huwekwa mwishoni, wakati wa kufungasha, na mashine nyingine kabisa: mara nyingi ni ya kurusha wino, inayoandika herufi kwa nukta nukta zilizoachana, au ya leza inayounguza rangi ya juu, au stika ndogo yenye msimbo wa mistari. Kwa hiyo mahali zinapoangukia huyumba kidogo kutoka boksi hadi boksi, milimita moja juu, nusu milimita kushoto, wakati mwingine zimeinama. Kwenye nakala, namba hiyo ni sehemu ya mchoro. Imekaa mahali palepale kwenye kila boksi, na ukiikuza ina nukta zilezile za rangi zilizo kwenye maandishi mengine. Weka picha za maboksi mawili ubavu kwa ubavu na upime umbali kutoka kwenye siriali hadi ukingo wa karibu. Na bila shaka soma namba zenyewe. Maboksi mawili yenye siriali moja ni ushahidi ambao hauhitaji kukuza picha.

Lebo iliyo juu ya katriji isome kwa njia hiyohiyo, ukiongeza maswali mawili. Je, imekaa ndani ya kidimbwi chake? Plastiki ya katriji nyingi ina sehemu iliyoshuka kidogo kwa ajili ya lebo, na ya kiwandani huketi humo ikiwa na ukingo sawa pande zote. Na je, mwanga wa pembeni unaonesha ukingo wa lebo nyingine chini yake, au utando wa gundi nje yake? Baada ya hapo linganisha namba ya modeli na tarehe, kama ipo, na za kwenye boksi. Katriji haiwezi kutengenezwa baada ya kufungashwa. Lakini usitarajie siriali ya katriji ifanane na ya boksi, maana kuna bidhaa ambazo orijino zake zina namba mbili tofauti.

Chipu: soma mikwaruzo

Chipu ni kile kibao kidogo chenye vibati vya rangi ya dhahabu ambavyo printa huvigusa kwa pini zake za springi. Kabla hujaitafuta, hakikisha modeli hiyo inayo. Tona ya HP 12A, yaani Q2612A ya LaserJet 1010 na 1020, haina chipu kabisa, na nimewahi kuona mtu akirudisha orijino kwa sababu "chipu imeng'olewa". Na katriji za wino zenye kichwa cha kuchapia ndani yake hazina kibao cha pembeni. Zina utando wa plastiki wenye vibati vingi vidogo, na hivyo ndivyo utakavyovikagua.

Kila katriji inapoingizwa kwenye printa, pini huteleza juu ya vibati kabla ya kutulia. Dhahabu ile ni laini na nyembamba sana, kwa hiyo kila kuingizwa huacha mstari. Mstari huo unafuata uelekeo wa kuingiza katriji, una urefu wa milimita moja au mbili, na upo kwenye vibati vyote mahali palepale. Mistari miwili sambamba kwenye kila kibati maana yake katriji imeingizwa angalau mara mbili. Katriji mpya haina mistari hiyo.

Ila usikimbilie hukumu kwa kila alama. Kiwandani vibao hupimwa umeme kwa sindano, na sindano huweza kuacha kitobo kidogo cha duara. Kitobo ni nukta iliyoshuka wima. Mkwaruzo wa printa ni mstari ulioburutwa. Mkwaruzo unaokatiza kibati kwa upande, au uliopo kwenye kibati kimoja tu, unaweza kuwa wa kucha au wa meza. Na unywele au nyuzi ya vumbi inafanana sana na mkwaruzo kwenye picha. Ndiyo sababu ya kuomba picha mbili zenye mwanga wa pande mbili: mkwaruzo unang'aa kwenye moja na kufifia kwenye nyingine, kwa kuwa ni bonde linalorudisha mwanga kwa pembe fulani. Nyuzi hubaki na rangi yake pande zote.

Mikwaruzo ikikosekana bado kuna swali la pili: chipu imeshikiliwaje? Anayejaza katriji upya mara nyingi hubadilisha chipu, kwa sababu ya zamani inakumbuka kwamba tona imekwisha. Chipu mpya ina vibati safi, lakini mahali ilipokaa panasema. Kiwandani huchomekwa kwenye mfereji wake, au vijiti vya plastiki huyeyushwa juu yake vikawa kama vichwa vya uyoga, vyote vya ukubwa mmoja. Ikibadilishwa, vichwa hivyo hukatwa kwa kisu na kuacha visahani bapa vyenye alama za kukata, na chipu mpya hushikizwa kwa gundi ya moto au utepe wa gundi pande mbili. Piga picha kwa pembe kama ya digrii 45 ili ukingo wa chini wa kibao uonekane. Nyuzi nyembamba za gundi kama utando wa buibui ni alama ya mkono wa mtu. Ukingo wa kibao wenye meno madogo, kwa upande mwingine, hauna maana. Vibao huvunjwa kutoka kwenye sahani kubwa na meno hayo hupatikana hata kwenye orijino.

Maboksi manne, picha kwa picha

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Muuzaji alikubali kutuma picha zote, jambo ambalo kwanza lilimfanya aonekane mwaminifu, na nadhani kwa sehemu alikuwa hivyo. Inawezekana hata yeye aliuziwa.

Video za sili zilikuwa nzuri. Michoro ilisogea kama inavyotakiwa kwenye maboksi yote manne, pembe zimelala bapa, hakuna mapovu. Nilikuza maandishi madogo: meusi tupu, tundu za herufi safi, nembo bila nukta. Siriali nne tofauti, zimeandikwa kwa nukta za kurusha wino, na kutoka kwenye ukingo zilitofautiana hadi karibu milimita 2. Mpaka hapo rafiki yangu alikuwa ameshaanza kuandaa malipo.

Picha ya vifuniko vya chini ndiyo iliyonisimamisha. Kwenye maboksi matatu kulikuwa na makovu ya karatasi iliyochunika katika mistari miwili iliyonyooka, na juu yake gundi inayong'aa iliyotoka nje ya ufa kwa milimita moja hivi. Boksi la nne halikuwa na makovu wala gundi iliyominyika. Makovu peke yake yangeweza kuwa na maelezo mengine; boksi linaweza kufunguliwa forodhani au ghalani kwa ukaguzi. Nikaomba afungue mawili ambayo niliyataja kwa siriali: moja kati ya yale matatu, na lile la nne.

La kwanza lilikuwa na chipu yenye vibati viwili, na kila kimoja kina mistari miwili sambamba, kwenye uelekeo wa kuingiza. Mwanga ulipotoka kushoto iling'ara, ulipotoka kulia ilififia. Katriji hiyo ilishaingia kwenye printa, na si mara moja. Lebo yake ilionesha tarehe ya miaka miwili kabla ya tarehe ya boksi. Tofauti hiyo peke yake nisingeisimamia, lakini ikiwa juu ya mikwaruzo haikuwa na mahali pa kujificha.

La nne ndilo lililokuwa la kufurahisha kwa mtu anayependa mambo haya. Vibati visafi kabisa. Rafiki yangu akasema basi angalau hii ni nzima. Nilikuza picha ya pembe: vijiti viwili vya plastiki vilikuwa vimekatwa bapa, kimoja kina alama ya kisu iliyovuka hadi kwenye mwili wa katriji, na chini ya kibao kulikuwa na ukingo mweupe wa utepe. Chipu ilikuwa mpya juu ya katriji ya zamani. Kifuniko cha chini cha boksi lake hakikuwa na kovu kwa sababu boksi hilo lilifunguliwa upande mwingine: tulipoomba picha ya mshono wa ubavuni, ule unaounganisha karatasi kuwa boksi, gundi yake ilikuwa ileile inayong'aa.

Kwa hiyo maboksi yalikuwa halisi, sili zilikuwa halisi, na katriji mbili tulizofungua zilikuwa za kujazwa. Mbili zilizobaki hazikufunguliwa. Moja kati ya hizo ningeweza kubahatisha kuwa haina kosa, lakini makovu ya vifuniko vyao yalikuwa yaleyale.

Picha zina mwisho wake. Hazioneshi uzito wa unga uliomo, wala aina ya wino, wala kama chipu inasema ukweli kwa printa. Zikija safi zote, maana yake hukuona dalili, si kwamba umethibitisha. Boksi lililobandikwa kwa ustadi na katriji iliyopewa chipu iliyochomekwa kwenye mfereji badala ya kubandikwa litapita. Ndiyo maana nilimshauri rafiki yangu kwamba hata akipata mzigo unaopita mitihani yote hii, malipo yafuate baada ya katriji moja kuwekwa kwenye printa na ujumbe wa kioo chake kupigwa picha pamoja na siriali ya boksi.

Kwa muuzaji hakuandika neno "feki". Alimtumia picha mbili, ya mikwaruzo na ya vijiti vilivyokatwa, kila moja imezungushiwa duara jekundu, na swali moja: "Hizi umezipata wapi?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwamba mzigo umerudishwa kwa aliyemletea.